Fremu imefurika au imeungua: kodi inasimama lini, kwa kiasi gani, na ile uliyokwisha kulipa inakwenda wapi

Mwanza fremu ya biashara hulipiwa kodi mbele: miezi 6 kwa kawaida, na mjini kati mara nyingi mwaka mzima. Maji ya Mto Mirongo yakiingia dukani mwezi Machi, au moto ukila stoo usiku, mpangaji huwa hana kodi ya kuzuia, maana fedha zote ziko tayari kwa mwenye nyumba. Kwa hiyo anayeuliza tu "je, kodi inaendelea?" ameuliza nusu ya swali. Nusu nyingine, iliyo ngumu zaidi, ni nini kinatokea kwa fedha zilizokwisha kulipwa kwa miezi ambayo chumba hakikutumika. Mwongozo huu unalifuata swali hilo kuanzia saa ya kwanza baada ya janga hadi siku ya kusaini marekebisho ya mkataba, kwa upande wa Tanzania Bara.

Sheria inaanzia wapi

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, ni Sheria Namba 4 ya mwaka 1999. Kifungu cha 88 katika Toleo la 2019 kinataja ahadi ambazo mwenye nyumba huhesabiwa kuwa amezitoa katika kila mkataba wa pango, hata kama karatasi mliyosaini haikuzitaja. Mojawapo inahusu uharibifu. Kwa maneno ya kawaida inasema hivi: jengo lililopangishwa, au sehemu yake, likiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, wageni wake au wafanyakazi wake, au likiharibiwa na ghasia, radi, dhoruba, tetemeko au janga jingine la asili, kiasi kwamba lote au sehemu yake haifai kukaliwa au kutumika, basi kodi inasitishwa. Inaweza kusitishwa yote, au sehemu yake ya haki kulingana na aina na ukubwa wa uharibifu. Michango ya gharama za jengo, kama ulinzi na usafi, inafuata mkondo huohuo. Usitishaji unaendelea mpaka jengo lifae tena. Kama miezi 6 imepita tangu uharibifu na bado halijafaa, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja.

Kisome tena taratibu, kwa sababu yasiyosemwa ndani yake yana uzito sawa na yaliyosemwa. Ahadi hiyo haimwamuru mwenye nyumba kujenga upya. Inasimamisha kodi tu. Haki ya kuvunja mkataba baada ya miezi 6 imepewa mpangaji, na mwenye nyumba hakutajwa hapo. Na maneno yake ni kwamba kodi inasitishwa na haitadaiwa. Kuhusu kodi iliyolipwa mbele hakuna utaratibu uliowekwa wa jinsi ya kuirudisha. Ufa wa fedha ya mbele uko hapo, na unazibwa na mkataba wenu.

Soma mkataba wako kabla ya kupiga simu

Mikataba mingi ya fremu ni ya ukurasa mmoja au miwili, imechapwa kwenye duka la vifaa vya ofisi na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa au wakili. Tafuta mistari mitatu. Wa kwanza ni ule unaosema "mpangaji hatarudishiwa kodi aliyokwisha kulipa kwa sababu yoyote ile". Upo karibu kila mahali, na uliandikwa kwa ajili ya mpangaji anayehama kabla ya muda wake, lakini mwenye nyumba atauonyesha siku ya mafuriko. Wa pili ni ule unaosema kodi italipwa "bila makato yoyote". Wa tatu ni ule unaosema matengenezo yote ni ya mpangaji.

Mstari wa kwanza ukiwepo, usiende kudai "rudisha hela yangu", maana utakuwa umejipeleka mwenyewe kwenye maneno uliyoyasaini. Dai kwamba kodi ya siku zile haikuwa inadaiwa kisheria, hivyo thamani yake ihamie kwenye kipindi kinachofuata au iongezwe kwenye muda wa mkataba. Hapo hakuna fedha inayorudishwa. Hoja hii ni nyepesi kukubalika mezani, na mbele ya baraza inasimama vizuri zaidi.

Kuhusu mstari wa tatu, kifungu cha 89 kinasaidia. Kinampa mpangaji wajibu wa kurudisha jengo katika hali aliyolikuta, lakini kinamwondolea uharibifu uliotokana na uchakavu wa kawaida, moto, mafuriko na ajali zisizo za uzembe wake, na majanga ya asili. Ila kama mkataba umeandika wazi kabisa kwamba kodi itaendelea hata jengo likiungua, huo ni ugomvi wa kisheria kati ya maandishi yenu na ahadi ya kifungu cha 88. Usiuingie bila wakili, na usiache kulipa kwa kujiamini tu.

Saa 48 za kwanza

Usalama kwanza. Zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia ukiwa pakavu. Kama maji yameifikia, iache na uite TANESCO. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114. Waite hata kama moto umeshazimwa na majirani kwa ndoo, kwa sababu ripoti yao kuhusu chanzo ndiyo itakayoamua habari ya uzembe, na hawawezi kuandika juu ya kitu ambacho hawakukiona.

Kisha weka alama. Kwenye mafuriko, maji huacha mstari wa tope ukutani, na mstari huo hufutika kwa siku mbili tatu za kufagia na kupiga maji. Simamisha futi ya kupimia ukutani na upige picha ikionyesha kina cha maji katika kila chumba. Piga pia soketi, mlango, dari na sakafu, na video moja isiyokatwa kuanzia barabarani hadi chumba cha mwisho. Muombe mwenyekiti wa mtaa afike na aandike barua fupi yenye tarehe, saa na vyumba vilivyoathirika. Kama bidhaa zimeharibika, ripoti polisi na uorodheshe, ila hilo ni la bima yako. Halihusiani na kodi.

Kuna makosa mawili ya siku hizo za kwanza ambayo hugharimu sana. La kwanza ni kukabidhi funguo. Mpangaji aliyekasirika humwachia mwenye nyumba funguo na kuondoka, halafu kitendo hicho kinasomwa kwamba ameurudisha upangaji kwa hiari. Kama fundi anahitaji kuingia, toa funguo moja kwa maandishi: "nimetoa kwa ajili ya matengenezo tu, upangaji unaendelea." La pili ni kusaini karatasi yoyote inayoeleza chanzo kabla ripoti haijatoka. Maneno kama "pasi ilisahaulika" yanayosemwa kwa hofu asubuhi ya moto hayafutiki kirahisi.

Barua

Notisi iende ndani ya siku chache, kwa mkono na kwa nakala inayosainiwa kupokelewa. Ujumbe wa WhatsApp utume pia, lakini usitegemee huo peke yake. Barua haihitaji ufundi:

"Ndugu, tarehe 14 Machi maji ya mafuriko yaliingia katika fremu niliyopanga kwako. Stoo ya nyuma na umeme wa jengo lote havifai kutumika. Uharibifu haukutokana na uzembe wangu wala wa wafanyakazi wangu. Kwa kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, kodi imesitishwa kuanzia tarehe hiyo kwa kiwango cha uharibifu. Upangaji wangu unaendelea. Naomba tukague pamoja tarehe 17 Machi saa 4 asubuhi, kila mtu na fundi wake, tuandike vyumba vilivyoathirika na muda wa matengenezo."

Sentensi ya "upangaji wangu unaendelea" usiiache. Ndiyo inayokulinda fremu isipangishwe kwa mwingine wakati wewe unasubiri rangi ikauke.

Sehemu ya haki: hesabu yenyewe

Hapa ndipo watu hugombana, kwa sababu sheria imesema "sehemu ya haki" bila kutoa kanuni. Chukua mfano. Fremu iko Mabatini, karibu na mto. Kodi ni shilingi 900,000 kwa mwezi, imelipwa Januari hadi Juni, jumla 5,400,000. Mkataba unaisha 31 Desemba. Ukubwa ni mita za mraba 120: duka la mbele 40, stoo ya nyuma 60, ofisi ndogo 20. Tarehe 14 Machi maji yanaingia. Duka na ofisi viko juu kidogo na havikulowa, lakini stoo imejaa tope na boksi kuu la umeme limelowa. Umeme wa jengo lote umekatwa hadi 28 Machi. Stoo inarudi kutumika 11 Juni.

Mpangaji atasema stoo ni mita 60 kati ya 120, basi ni nusu ya kodi. Ni hesabu rahisi, ila si ya haki. Hakuna anayelipa mita moja ya stoo ya nyuma bei ya mita moja ya mbele inayotazama barabara. Wathamini wa majengo huipa sehemu ya mbele uzito kamili na ya nyuma uzito mdogo. Tukikubaliana nusu kwa stoo na ofisi, duka linabaki 40, stoo inakuwa 30, ofisi 10, jumla 80. Stoo ni 30 kati ya 80, yaani asilimia 37.5 ya kodi, sawa na shilingi 337,500 kwa mwezi.

Lakini mwenye nyumba naye asikimbilie asilimia 37.5 kwa kipindi chote. Kuanzia 14 hadi 28 Machi hapakuwa na umeme, na biashara hii ni ya kuuza samaki wa friza. Kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba, fremu nzima haikufaa. Kama mkataba umesema tu "duka" bila kutaja friza, hoja hii inalegea, ndiyo maana matumizi yaandikwe kwa ukamilifu. Tukiikubali, siku 15 za Machi zinasitishwa zote: 900,000 kugawa kwa 31 mara 15, sawa na 435,484. Siku 3 zilizobaki za Machi kwa asilimia 37.5 ni 32,661. Aprili na Mei ni 675,000. Siku 10 za Juni ni 112,500. Jumla ni shilingi 1,255,645.

Kwa hesabu ya mita tupu ingekuwa 1,529,032. Tofauti ni kama 273,000, na mara nyingi pande mbili huvunja urafiki wa miaka kwa fedha ndogo kuliko hiyo. Mthamini aliyesajiliwa akiitwa kwa pamoja na kulipwa nusu kwa nusu, bishano hilo huisha kwa siku moja.

Jinsi ya kujua kama hesabu yako ina kasoro: jiulize kama fremu ingepangishwa leo ikiwa katika hali hiyo ya nusu, ingepata kodi gani. Kama jibu liko mbali sana na ulichoandika, rudi kwenye uzito wa vyumba. Stoo ikiwa ndiyo moyo wa biashara, mfano chumba cha baridi cha samaki, uzito wa nusu haumtendei haki mpangaji.

Kuigeuza fedha iliyolipwa kuwa siku

Sasa tuna 1,255,645 ambayo mwenye nyumba anayo na haikustahili kulipwa. Yeye mara nyingi ameshaitumia, pengine kwenye hilohilo paa linalotengenezwa. Kumwambia aitoe taslimu ni kuanzisha kesi. Kuna njia mbili zinazofanya kazi.

Ya kwanza ni kuikata kwenye malipo yajayo. Julai mpangaji angelipa tena 5,400,000. Sasa analipa 4,144,355. Makubaliano yaandikwe na kusainiwa kabla ya tarehe ya malipo, kwa sababu ukikata mwenyewe wakati mkataba unasema "bila makato", mwenye nyumba anaandika kwamba una malimbikizo na anaanza njia ya kukutoa. Kama hamjakubaliana na tarehe imefika, lipa kiasi kisicho na ubishi, na barua ieleze kilichobaki kinabishaniwa kwa nini. Usizuie chote.

Ya pili ni siku. Mkikubaliana mwezi uhesabiwe siku 30, siku moja ni shilingi 30,000. 1,255,645 ni takribani siku 42. Mkataba uliokuwa unaisha 31 Desemba sasa unaisha 11 Februari bila kodi ya ziada. Wenye nyumba wengi huikubali hii upesi kuliko ile ya kwanza, maana haitoi shilingi mfukoni. Mpangaji naye aangalie kama siku hizo zinamfaa: Januari na Februari kwa baadhi ya biashara ni miezi mikavu, na siku 42 za wakati huo si sawa na siku 42 za Desemba. Hilo ni la kujadili, na ni halali kuomba siku kadhaa za nyongeza.

Upande wa TRA, mpangaji wa biashara anayekata kodi ya zuio ya asilimia 10 aikate kwenye pango analolipa kweli, na karatasi ya makubaliano iambatane na risiti ili hesabu za mwaka zisionekane zina pengo. Dhamana uliyoweka mwanzoni isiguswe katika hesabu hii. Ina kazi yake mwisho wa upangaji.

Moto una ugomvi wake: uzembe wa nani

Mafuriko mara chache yana mtu wa kulaumiwa ndani ya fremu, isipokuwa mpangaji akiwa ameziba mfereji kwa takataka zake au amebomoa kizingiti cha mlango. Moto ni tofauti. Ripoti nyingi huishia kwenye maneno "hitilafu ya umeme", na maneno hayo peke yake hayamtii hatiani wala kumsafisha yeyote. Swali linalofuata ni hitilafu kwenye waya za nani. Waya zilizokuwepo ukutani wakati wa kupanga ni za jengo. Waya uliyovuta mwenyewe kutoka soketi moja hadi friza nne, au mashine ya kuchomelea iliyofungwa kwenye mzunguko wa taa, ni yako.

Kwa hiyo ushahidi wa moto hutengenezwa siku ya kuingia, miezi au miaka kabla. Siku hiyo piga picha boksi la umeme likiwa wazi, soketi zote na mita ya LUKU. Fundi umeme mwenye leseni aandike hali ya waya katika nusu ukurasa, na wote wawili msaini. Ukitaka kuongeza mashine baadaye, omba kwa maandishi na weka risiti ya fundi. Mpangaji asiye na karatasi hizi hubaki kubishana kwa mdomo juu ya waya zilizokwisha kuwa majivu.

Uzembe wa mfanyakazi wako unahesabiwa wako, na wa mgeni wako pia. Mlinzi uliyemwajiri akipika chai kwa jiko la mkaa stoo, kodi haisimami. Mlinzi aliyeajiriwa na mwenye nyumba kwa jengo zima ni habari nyingine. Ukionekana mzembe, kodi inaendelea, na juu yake bima iliyomlipa mwenye nyumba inaweza kukugeukia wewe kudai ilicholipa. Bima ya jengo ya mwenye nyumba haifuniki bidhaa zako, na bima ya bidhaa zako haifuniki kodi yake. Mwenye nyumba makini huomba bima yake iongezewe kifungu cha kupotea kwa kodi, ambacho humlipa pango analolikosa wakati jengo linatengenezwa. Akiwa nacho, mazungumzo ya kusitisha kodi huwa mepesi ajabu.

Ziwa likipanda na lisishuke

Pwani ya ziwa kuna tatizo ambalo mikataba ya mjini kati haiwazi. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya Ziwa Victoria yalipanda na kukaa miezi, siyo masaa. Kuta za banda la mwaloni hazikuanguka, lakini maji yalisimama sakafuni. Hapo mwenye nyumba husema jengo lipo zima. Kipimo cha kifungu cha 88 kina vitu viwili: uharibifu unaotokana na mafuriko, na kutokufaa kwa matumizi. Sakafu iliyojaa maji, choo kinachorudisha uchafu na ukuta unaovuta unyevu vinatimiza vyote viwili, mradi vimepigwa picha na kuandikwa.

Kisichotimiza ni njia peke yake. Kama fremu ni kavu lakini barabara ya kuingilia imezama na wateja hawafiki, jengo lililopangishwa halijaharibika, na kodi kwa kawaida inaendelea. Anayepanga karibu na maji aongeze mstari kwenye mkataba kwamba kukatika kwa njia pekee ya kufika, kwa zaidi ya siku 7 mfululizo, kutahesabiwa kama jengo kutofaa.

Jambo jingine la pwani ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Jengo la zamani lililo ndani ya eneo hilo likibomoka, mwenye nyumba anaweza kukataliwa kulijenga tena. Pima umbali kabla ya kulipa mwaka mzima. Kama uko ndani ya mita hizo, miezi 6 ya kusubiri inaweza kuwa miezi 6 ya bure, na mkataba wako unapaswa kukuruhusu kutoka mapema pale kibali cha ujenzi kinapokataliwa.

Miezi 6 na notisi

Hesabu inaanza siku ya uharibifu, siyo siku ya barua wala siku fundi alipoanza kazi. Mafuriko ya 14 Machi, miezi 6 inafika 14 Septemba. Kama stoo ya mfano wetu ingekuwa bado na tope siku hiyo, mpangaji angekabidhi notisi 15 Septemba na mkataba ungekoma 15 Oktoba. Katika mwezi huo wa notisi kodi ya sehemu mbovu inabaki imesitishwa. Notisi iliyotolewa Agosti kwa kukosa subira haifai. Inaweza kusomwa kama wewe ndiye umevunja mkataba.

"Kufaa" nako kunahitaji kukubaliwa. Rangi mpya juu ya plasta yenye unyevu hufunga macho kwa wiki tatu, kisha hububujika na ukungu unatoka. Kabla ya kukubali kwamba kodi imeanza tena, kagueni pamoja: bandika kipande cha nailoni cha ukubwa wa futi moja ukutani kwa utepe wa gundi pande zote na ukiache siku moja, kikiwa na umande upande wa ndani, ukuta haujakauka. Umeme upimwe na fundi mwenye leseni, choo na mfereji vipitishe maji. Andikeni tarehe ya kuanza tena kodi kwenye karatasi ya ukaguzi huo, na wote mtie saini.

Mkishindwa kuelewana, mgogoro wa pango huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na mkataba uliolipiwa ushuru wa stempu, kwani usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe.

Kifungu cha kuweka kwenye mkataba mpya

Yote haya huwa mafupi sana kama mkataba umeyasema mwanzoni. Maneno haya yanatosha kwa fremu ya kawaida, na kila namba ijadiliwe na pande zote mbili:

"Endapo jengo au sehemu yake itaharibiwa na moto, mafuriko, kupanda kwa maji ya ziwa, dhoruba au janga jingine lisilotokana na uzembe wa Mpangaji, wageni au wafanyakazi wake, na ikawa haifai kwa matumizi yaliyotajwa katika mkataba huu, kodi itasimama kuanzia siku ya uharibifu kwa kiwango cha sehemu iliyoathirika. Kiwango hicho kitakadiriwa kwa thamani ya kila chumba kama ilivyoandikwa kwenye jedwali la mkataba huu. Kodi iliyolipwa mbele kwa kipindi hicho itahamishiwa kwenye malipo yanayofuata au, kwa chaguo la Mpangaji, itaongezwa kama siku mwishoni mwa mkataba. Mkataba ukivunjwa itarudishwa taslimu ndani ya siku 30. Mwenye Nyumba ataanza matengenezo ndani ya siku 30 au atatoa taarifa ya maandishi kwamba hatajenga, na hapo upande wowote unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Masharti ya kutorudishwa kodi hayatahusu kifungu hiki."

Jedwali la thamani ya vyumba ndilo linaloachwa mara nyingi, kwa kuonekana ni kazi ya bure siku ya furaha ya kupata fremu. Lijazeni siku hiyohiyo: duka 50, stoo 37.5, ofisi 12.5, jumla 100. Na mwenye nyumba ndiye anayefaidika zaidi na sentensi ya "hatajenga", kwa sababu bila hiyo anaweza kubaki na mpangaji asiyelipa juu ya kiwanja anachotaka kukiuza, akisubiri hiari ya mtu mwingine.